Meneja asiyekuwepo: kusoma maelezo ya chaneli ya YouTube kabla ya kulipa udhamini

Kampuni ndogo inayouza vifaa vya kupimia umeme mtandaoni ilipokea barua pepe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa meneja wa chaneli ya YouTube inayofundisha ukarabati wa vifaa vya elektroniki. Aliandika kwamba chaneli ipo tangu 2013, makao yake ni Kanada, ina wafuatiliaji 212 elfu, na kwamba zimebaki nafasi mbili tu za udhamini kwa video zijazo. Nusu ya malipo ilitakiwa itangulie kabla ya kurekodi. Ofisa masoko wa kampuni alifungua chaneli kwenye simu yake, akakuta mwaka 2013, akakuta Kanada, akakuta wafuatiliaji 212 elfu. Aliponiletea mkataba niupitie, aliamini uhakiki umeshamalizika.

Alichokuwa amethibitisha ni kwamba aliyeandika barua anajua kusoma. Mambo yote matatu yapo wazi kwenye chaneli, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyanakili ndani ya dakika moja. Kwa hiyo swali halikuwa tena kama barua inalingana na chaneli. Swali lilikuwa: ni kipi kwenye maelezo ya chaneli hii ambacho mtu wa nje hawezi kukipata kirahisi au kukibadilisha, na je, kinamwelekea huyu meneja?

Tulianza kwa kuhakikisha tunasoma chaneli sahihi. Jina la chaneli linaweza kutumiwa na chaneli nyingi kwa wakati mmoja, lakini kitambulisho kinachoanza na alama ya @ ni cha chaneli moja tu. Hata hicho mwenye chaneli anaweza kukibadilisha. Kisichobadilika ni namba ya chaneli, mfuatano wa herufi na tarakimu 24 unaoanza na UC. Ukifungua maelezo ya chaneli kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe cha kushiriki chaneli, utapata nafasi ya kuinakili. Tuliihifadhi hiyo kwanza, kwa sababu mambo mengine yote tuliyoyatafuta baadaye, pamoja na kurasa za zamani, yalitafutwa kwa namba hiyo.

Kuna wanaotafuta bado kichupo cha `About` juu ya ukurasa wakadhani kimefutwa. Tangu mwishoni mwa 2023 maelezo hayo yako ndani ya dirisha dogo linalofunguka unapobonyeza maelezo mafupi yaliyo chini ya jina la chaneli. Ndani yake kuna maelezo yenyewe, viungo, anwani ya chaneli, nchi, tarehe ya kujiunga, idadi ya wafuatiliaji, ya video na ya mara zilizotazamwa. Vyote vimepangwa pamoja, kwa herufi za aina moja, na hapo ndipo watu wanapopotea. Macho yanaona orodha moja, wakati waandishi wake ni wawili. Tarehe ya kujiunga na idadi huandikwa na YouTube yenyewe. Nchi, viungo, maelezo na barua pepe huandikwa na mwenye chaneli, naye anaweza kuandika atakacho.

Tuanze na tarehe, kwa kuwa ndiyo iliyotutia shaka kwanza. Chaneli ilionyesha imejiunga 2013. Tukaenda kwenye video zake, tukapanga kuanzia ya zamani kabisa, tukakuta ya kwanza ni ya 2019. Miaka sita haina kitu. Kwa anayechunguza ulaghai hii ni dalili inayojulikana: mtu ananunua au anaiba akaunti ya zamani, anafuta video, anabadilisha jina, kisha anajivunia umri ambao si wake. Tarehe ya kujiunga haiguswi na lolote kati ya hayo. Chaneli ikibadilisha jina, ikihama kutoka mikono hii kwenda mingine, ikikaa kimya miaka kumi, tarehe inabaki ileile, kwa sababu inaeleza siku chaneli ilipoundwa na haisemi chochote kuhusu aliyeiendesha tangu hapo.

Lakini dalili hiyohiyo ina maelezo mengine ambayo, kwa uzoefu wangu, ni ya kawaida zaidi. Kijana anafungua chaneli ya michezo ya kompyuta, anaweka video chache, anakua, anaona aibu, anazifanya za faragha, kisha anaanza kazi ya maana kwenye chaneli ileile. Video za faragha hazionekani kwa mgeni, hivyo pengo linaonekana sawasawa na la akaunti iliyouzwa. Kutofautisha kunahitaji ushahidi wa wakati ule. Tulipeleka anwani ya chaneli yenye namba ya UC kwenye hifadhi ya kurasa za zamani ya Wayback Machine. Zamani maelezo yalikuwa na ukurasa wake wenye anwani inayoishia na `/about`, kwa hiyo nakala zilizopigwa kipindi kile mara nyingi zinasomeka vizuri kuliko za dirisha la sasa. Nakala ya 2016 ilionyesha jina jingine kabisa, la mchezaji wa michezo ya kompyuta, pamoja na kiungo kimoja kwenda kwenye jukwaa la wachezaji.

Kiungo hicho kikatupeleka kwenye viungo vya leo. Chaneli sasa ina viungo vitatu: tovuti yake, akaunti ya mtandao wa picha, na cha tatu, chini kabisa, kilekile cha jukwaa la wachezaji, ambacho sasa hakifunguki. Watu hupuuza kiungo kilichokufa. Mimi nilikipenda kuliko vyote. Anayenunua chaneli au kuiiba ili aiuze kwa sura mpya husafisha viungo mapema, kwa sababu ndivyo vinavyomletea mgeni kwake. Mwenye chaneli wa siku zote ndiye husahau. Kiungo kilichodumu kutoka 2016 hadi leo, huku jina na mada vikibadilika, kilielekeza kwenye mmiliki mmoja aliyebadilisha kazi. Hakikuwa uthibitisho kamili, lakini kilipunguza uzito wa lile pengo la miaka sita.

Kusoma kiungo kuna namna yake. Mwenye chaneli anaandika kichwa cha kiungo na anwani yake kila kimoja peke yake, na YouTube haikagui kama vinapatana. Kichwa kinaweza kusema "Tovuti rasmi" na chini yake pakawa na anwani ya chochote. Soma mstari wa anwani, kichwa kiache. Ukinakili kiungo chenyewe badala ya kukibonyeza, utaona kinapitia kwanza `youtube.com/redirect`, na anwani halisi imefichwa baada ya `q=`. Hapo ndipo pa kuangalia herufi moja moja kabla ya kufungua.

La muhimu zaidi ni kama upande wa pili unarudisha kiungo. Chaneli kuonyesha tovuti fulani kunathibitisha tu kwamba mwenye chaneli aliitaja. Yeyote anaweza kutaja tovuti ya mwingine. Tovuti nayo ikiielekeza chaneli, tena kwa namba yake ya UC au kitambulisho chake cha @ halisi, basi tuna pande mbili zinazotambuana. Tovuti ya chaneli yetu ilikuwa na kiungo cha kurudi sehemu ya chini ya kila ukurasa, na namba ya UC ilikuwa ileile tuliyohifadhi. Tukaichukua kuwa ya kweli.

Nchi tuliipitia haraka, ingawa ofisa masoko ndiyo aliyoiamini zaidi. Mwenye chaneli huichagua mwenyewe kwenye orodha ndani ya mipangilio ya YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli, na asipochagua, haionekani kabisa. Hakuna anayemtaka athibitishe kwa kuionyesha hapo. Anaweza kuwa amehama akaisahau, au kuchagua nchi ambamo mpango wa YouTube wa kushiriki mapato unapatikana, kwa sababu haupatikani kila mahali. Tena nchi hiyo haisemi watazamaji wako wapi, jambo ambalo ndilo mdhamini analolihitaji hasa. Takwimu za watazamaji kwa nchi anaziona mwenye chaneli peke yake, na mdhamini inabidi amwombe azionyeshe, ikiwezekana kwa simu ya video akiwa ndani ya Studio, maana picha ya skrini huhaririwa kirahisi. Kanada kwenye chaneli na Kanada kwenye barua ni neno moja lililoandikwa mara mbili.

Anayependa kuhakiki kwa mashine anaweza kuvuta tarehe na nchi kupitia API ya YouTube, njia ya programu kuiuliza YouTube moja kwa moja, akiwa na ufunguo wake:

```
https://www.googleapis.com/youtube/v3/channels?part=snippet&forHandle=JINA&key=UFUNGUO
```

Jibu litakuwa na `publishedAt`, yaani wakati chaneli ilipoundwa kwa saa za UTC, na `country` kwa herufi mbili, mfano `CA`. Barua pepe ya biashara haimo. Njia hiyo haiitoi kabisa, na hilo lina maana kubwa kwa kisa hiki.

Turudi basi kwenye barua pepe. Ofisa masoko alikuwa ameniambia, "Chaneli yenyewe haina barua pepe, kwa hiyo meneja ndiye njia pekee ya kuwapata." Alikuwa ameangalia kwenye app ya simu. Barua pepe ya biashara haionyeshwi waziwazi kama nchi au tarehe. Kwenye kompyuta, ndani ya dirisha lile la maelezo, hukaa nyuma ya kitufe cha `View email address`. Kama hujaingia kwenye akaunti yako, utaambiwa uingie kwanza. Ukiingia na kubonyeza, unapewa jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ndipo anwani itokee. Ukifungua za chaneli nyingi kwa siku moja, YouTube inakuwekea kikomo na kukutaka usubiri. Kwenye app ya simu mara nyingi kitufe hicho hukioni kabisa.

Kwa hiyo kutokuiona barua pepe kuna sababu kadhaa, na moja tu kati ya hizo ni kwamba haipo. Nyingine ni kwamba uko kwenye simu, au hujaingia, au umefikia kikomo cha siku. Kabla hujasema chaneli haina mawasiliano, iangalie kwa kivinjari cha kompyuta ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Tulipofanya hivyo, kitufe kilikuwepo. Anwani iliyotokea ilitumia jina la tovuti ileile iliyorudisha kiungo, na ilikuwa sawa herufi kwa herufi na iliyo kwenye ukurasa wa mawasiliano wa tovuti.

Barua ya meneja ilitoka kwingine. Jina la kikoa chake, yaani sehemu inayofuata alama ya @ kwenye barua pepe, lilikuwa jina la chaneli likifuatiwa na kistari na neno `media`, kitu kinachoonekana cha kiofisi kabisa. Tuliitafuta tarehe ya kusajiliwa kwa kikoa hicho kwenye huduma ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, ya `lookup.icann.org`. Kilikuwa kimesajiliwa wiki tatu kabla ya barua kutumwa. Kikoa cha tovuti ya chaneli kilikuwa na umri wa miaka mitano. Meneja wa kweli anaweza kuwa na kikoa chake tofauti, kwa kuwa mawakala wengi huhudumia chaneli nyingi na hutumia anwani zao wenyewe. Lakini wakala wa chaneli nyingi hasajili kikoa chenye jina la mteja mmoja, na mteja kwa kawaida humtaja mahali fulani, kwenye maelezo au nyuma ya kile kitufe. Huyu hakutajwa popote.

Inafaa kuona alichokuwa amejenga. Barua yake ilitaja kila kitu kinachoonekana bila kuingia wala kubonyeza: mwaka, nchi, idadi. Haikutaja barua pepe ya chaneli hata mara moja, wala kusema kwamba ni kuukuu au haitumiki, jambo ambalo meneja wa kweli angelieleza mara moja kwa sababu mdhamini atauliza. Alitegemea msomaji aishie kwenye sehemu iliyo wazi.

Hatukumjibu. Tuliandika upya kwenda kwenye anwani ya nyuma ya kitufe, barua fupi isiyotaja kiasi cha fedha wala jina la anayejiita meneja: je, mna mtu anayeuza nafasi za udhamini kwa niaba yenu, na kama yupo, anatumia anwani gani? Kutomtaja kulikusudiwa. Ukimtaja, unampa anayejibu nafasi ya kusema ndiyo bila kufikiri, na kama anayejibu naye si wa kweli, umemfundisha jibu.

Jibu lilikuja kesho yake: hatuna meneja, tunaendesha wawili, mimi na mke wangu. Tulimwomba jambo moja zaidi, aongeze neno tulilolichagua sisi mwishoni mwa maelezo ya chaneli kwa saa chache kisha alitoe. Mabadiliko ya maelezo hufanywa ndani ya chaneli yenyewe, na anayeweza kuyafanya ni mwenye ruhusa ya kuihariri chaneli. Alasiri hiyo tuliliona neno letu. Kipimo hiki nakiamini kuliko nyaraka zozote zenye muhuri, lakini kina mpaka wake: kinathibitisha kwamba mtu ana udhibiti wa chaneli leo, hakithibitishi kwamba ameupata kihalali.

Hapo ndipo mambo tuliyoyapitia mwanzoni yanaporudi kufanya kazi. Chaneli iliyotekwa huwa na sura yake. Jina na picha hubadilishwa karibuni, video za zamani hufichwa ghafla, viungo vyote huwa vipya, na barua pepe ya nyuma ya kitufe huwa haipatani tena na ya tovuti, kwa sababu mtekaji ana chaneli lakini tovuti hana. Kwetu tovuti, barua pepe, viungo vya miaka mingi na mkono uliohariri maelezo vilielekea mahali pamoja. Nilipomuuliza kuhusu ile miaka sita alicheka kwa maandishi: alikuwa na miaka kumi na minne, alikuwa akicheza michezo ya kompyuta, na hataki mtu yeyote azione zile video. Kuhusu Kanada, alihama zamani na hajawahi kuibadilisha. Dalili iliyotutisha zaidi haikuwa na kosa lolote, na nchi iliyomtuliza ofisa masoko ilikuwa si ya kweli tena.

Kwa upande wa mwenye chaneli kuna swali la kama barua pepe ionekane kabisa. Kuificha kungewaacha wadhamini mikononi mwa mameneja bandia kama huyu. Kuionyesha nako kuna hatari yake. Mwezi Oktoba 2021 kitengo cha Google kinachofuatilia vitisho kilieleza jinsi wezi walivyokuwa wakichukua anwani za biashara za watengeneza video kutoka kwenye chaneli zao, wakiwatumia maombi ya udhamini ya kughushi yenye programu za kuiba vidakuzi vya kivinjari, yaani data ndogo inayomfanya mtu abaki ameingia kwenye akaunti yake. Kwa vidakuzi hivyo waliingia kwenye akaunti bila kuhitaji nywila, wakateka chaneli, wakaziuza au kuzigeuza majukwaa ya kutangaza ulaghai wa sarafu za kidijitali. Kitufe na jaribio la roboti vinazuia ukusanyaji wa anwani kwa mashine, havimzuii mtu mwenye subira. Kwa hiyo anwani inayoonyeshwa isiwe ile inayofungua akaunti ya chaneli, na mafaili yanayofika kwenye anwani hiyo yasifunguliwe kwenye kompyuta ambayo Studio iko wazi.

Yake ilikuwa tofauti tayari. Alichokiongeza baada ya kisa hiki ni mstari mmoja juu kabisa ya maelezo ya chaneli, unaosema hawana meneja wala wakala, na kwamba mapendekezo ya udhamini yapitie ukurasa wa mawasiliano wa tovuti yao. Aliuweka mwanzoni kwa sababu mistari ya kwanza ndiyo inayosomwa na wengi, hata wale walio kwenye simu ambako kitufe cha barua pepe hakionekani. Nchi pia aliibadilisha. Ile barua ya meneja tuliipeleka kwa kampuni iliyosajili kikoa kile, pamoja na tarehe ya usajili na anwani ya chaneli iliyoigizwa.